DROP: fayawoli inapokataa bila kusema

Mtu akibisha hodi mahali asipotakiwa, mwenye nyumba anaweza kumjibu "nenda zako", au akanyamaza ndani mpaka mgeni achoke. Fayawoli nayo ina njia hizo mbili. Ya kwanza huitwa REJECT: pakiti inakataliwa na aliyeituma anajulishwa papo hapo. Ya pili ni DROP: pakiti inatupwa, na aliyeituma haambiwi lolote. Wengi huchagua DROP ili anayepapasa kutoka nje asijue ndani kuna nini. Shida ni kwamba kimya hichohicho humpata na mtu wa ndani.

Katika ofisi moja niliyowahi kufanya kazi, seva ya Linux ilikuwa ikituma faili la malipo benki kila siku saa nane usiku, kwa sftp, poti 22. Ijumaa moja jioni mafundi wa mtandao walibadilisha fayawoli, na seva zote zikapewa anwani mpya. Yetu ilitoka 192.168.10.14 ikawa 10.20.10.14. Kanuni zilihamishwa zote kwenye fayawoli mpya, tena kwa uangalifu, ila ile ya benki ilihamishwa jinsi ilivyokuwa: "ruhusu 192.168.10.14 kwenda benki". Anwani hiyo haikuwa na mwenyewe tena. Pakiti za seva yetu zikapita kanuni moja baada ya nyingine bila kulingana na yoyote, zikaishia kwenye kanuni ya mwisho inayotupa kila kilichobaki.

Jumatatu kila kitu kilionekana kizima. Barua pepe zinaingia, seva inafikika, tovuti zinafunguka. Kilichokufa ni safari moja tu ya kwenda nje, tena ya usiku. Na skripti yetu yenyewe ilisaidia kuficha msiba:

```
sftp -b tuma.txt benki
mv malipo.csv yaliyotumwa/
```

Mstari wa pili haujali kama wa kwanza umefaulu. Faili lilikuwa linahamia kwenye folda ya yaliyotumwa kila usiku bila kutumwa popote, hadi Jumatano benki ilipopiga simu kuuliza. Kungekuwa na `&&` kati ya amri hizo mbili, tungejua mapema. (Aliyeandika skripti hiyo ni mimi, kwa hiyo sina wa kumlaumu.)

Dalili kubwa ya DROP ni muda. Pakiti ikikataliwa kwa sauti, kosa hutokea mara moja, na mara nyingi husomeka `Connection refused`. Ikitupwa kimya, mashine hudhani imepotea njiani na kubisha tena. Seva yetu ilirudia mara sita, kila mara ikisubiri maradufu ya mara iliyotangulia: sekunde 1, 2, 4, 8, na kuendelea. Jumla ni sekunde 127, ndipo inasema `Connection timed out`. Kazi iliyokuwa ikiisha ndani ya sekunde tatu, sasa inachukua dakika mbili na ushee na kurudi mikono mitupu: hapo shuku fayawoli. Wakati huo wa kusubiri unaweza kuichungulia kwa amri hii:

```
ss -tn state syn-sent
```

Tuliona mstari mmoja, kutoka 10.20.10.14 kwenda poti 22 ya benki, umekwama. Maana yake seva imebisha hodi na haijajibiwa. Haithibitishi aliyetupa pakiti ni nani, kwani benki iliyozimika huonekana vilevile. Ndiyo maana ni lazima kujaribu pia kutoka mahali pengine.

Hapo ndipo wengi hudanganyika. Mwenzangu alijaribu kwenye kompyuta yake, ikaunganika, akasema mtandao hauna tatizo. Alikuwa sahihi kwa kompyuta yake, ambayo ina anwani nyingine na kanuni nyingine. Jaribio lake lilitufaa kwa jambo moja tu, kuonyesha kwamba benki iko hewani. Jaribio la kazi yenyewe lifanywe kwenye seva ileile, kwa mtumiaji yuleyule anayeiendesha. Kwenye ofisi zenye proksi sharti hili ni kali zaidi: ukiweka `https_proxy` ndani ya `.bashrc`, wewe ukiingia kwa mkono utapita, lakini cron, inayoendesha kazi za usiku, haisomi faili hilo. Njia ya moja kwa moja ikifungwa baada ya maboresho, amri ileile inafanya kazi mchana mkononi mwako na kufa usiku.

Mafundi tuliwaandikia mstari mmoja: chanzo 10.20.10.14, anwani ya benki, TCP poti 22, saa 8:00 usiku. Kumbukumbu za fayawoli hazikuwa na kitu, maana ile kanuni ya mwisho haikuwa imewekewa kurekodi. Wakaiwasha, tukaendesha skripti kwa mkono, na pakiti zetu zikaonekana zikitupwa, moja baada ya nyingine.