Kwa nini mkanda wa katikati una upana mara mbili: mwanga unapopita kwenye mwanya mwembamba

Chukua nyembe mbili, zibandike juu ya tundu la kadi ngumu, makali yakitazamana na kuacha nafasi ndogo kama unene wa karatasi moja ya daftari. Elekeza hapo kalamu ya leza nyekundu, ile ya kuonyeshea ubaoni, yenye nguvu isiyozidi miliwati 1. Zima taa, kisha tazama ukuta ulio mita 2 mbele. Usiutazame mwale wenyewe, wala usiuelekeze kwenye jicho la mtu, na angalia pia usirudishwe na makali ya wembe.

Ukutani hutaona mstari mmoja mwembamba wenye umbo la mwanya. Utaona mkanda mpana wa mwanga mkali katikati, na kila upande wake mikanda mingine inayozidi kufifia kadiri inavyokwenda mbali, yote ikitenganishwa na mistari ya giza. Weka rula. Mikanda ya pembeni ina upana unaolingana, ila ule wa katikati ni mara mbili ya mwenzake yeyote.

Wanafunzi wa fizikia huliuliza sana jambo hili, na jibu wanalopewa mara nyingi ni kwamba mwanga mwingi hupita moja kwa moja katikati. Jibu hilo halitoshi. Linaeleza ukali wa mkanda, halielezi upana wake. Mkanda unaweza kuwa mkali na bado ukawa mwembamba. Upana unaamuliwa na mahali mistari ya giza ilipo, mmoja huku na mmoja kule, kwa hiyo tuanze na giza.

Tuseme mwanya una upana wa milimita 0.1. Mwanga wa leza yetu una urefu wa wimbi wa nanomita 650, yaani milimita 0.00065. Mwanya ambao kwetu ni mwembamba mno, kwa mwanga huo ni uwanja: mawimbi zaidi ya 150 yangeenea humo yakipangwa kichwa kwa mkia. Mholanzi Christiaan Huygens, katika kitabu alichokichapisha mwaka 1690, alisema kila nukta ambayo wimbi limeifikia huwa chanzo cha viwimbi vipya. Mfaransa Augustin Fresnel, katika andiko lake la mwaka 1818, akaongeza kwamba viwimbi hivyo hujumlishana vinapokutana: kilele juu ya kilele huongeza mwanga, kilele juu ya bonde huufuta. Hayo mawili yanatutosha.

Sasa chagua sehemu ya ukuta iliyo pembeni kidogo. Kiwimbi kinachotoka kwenye ukingo wa mbali wa mwanya kitasafiri zaidi kuliko kile cha ukingo wa karibu. Tukiuita upana wa mwanya a, na pembe ya kuelekea sehemu hiyo ya ukuta θ, safari hizo mbili hutofautiana kwa a sin θ. Endelea kusogea pembeni mpaka tofauti hiyo iwe sawasawa na wimbi zima moja, λ.

Hapo ndipo wengi hujikwaa. Wanasema: kama kingo mbili zinapishana kwa wimbi zima, kilele kitakutana na kilele, basi mahali hapo pawe na mwanga. Kumbe ni giza tupu. Kingo mbili ni sehemu ndogo sana ya mwanya, na kati yake kuna nukta chungu nzima ambazo nazo zinatuma viwimbi.

Gawa mwanya katika nusu mbili. Chukua nukta iliyo kwenye ukingo wa karibu, uioanishe na nukta iliyo katikati kabisa ya mwanya. Kutoka ukingo hadi ukingo tofauti ni wimbi zima, kwa hiyo kutoka ukingo hadi katikati ni nusu ya wimbi. Kilele cha moja kinafika pamoja na bonde la nyingine, na viwimbi hivyo viwili vinafutana. Sogeza nukta zote mbili hatua moja upande uleule: bado zinatofautiana kwa nusu wimbi, bado zinafutana. Sogeza tena, na tena, hadi umalize nusu ya kwanza. Kila nukta ya nusu hiyo imepata mwenzake katika nusu ya pili, na hakuna iliyobaki bila jozi. Huo ndio mstari wa kwanza wa giza.

Kwa vipimo vyetu, sin θ ni 0.00065 gawanya kwa 0.1, yaani 0.0065. Pembe hiyo haifiki hata nusu ya digrii, lakini ukutani, milimita 2000 mbele, inakuwa milimita 13 kutoka katikati.

Tofauti ya kingo ikifika mawimbi mawili, gawa mwanya katika robo nne. Robo ya kwanza inafutana na ya pili, ya tatu na ya nne, kwa hoja ileile ya jozi. Giza tena, milimita 26 kutoka katikati. Ikifika mawimbi matatu, gawa mara sita, na giza linaangukia milimita 39. Kwa hiyo kanuni ya mistari ya giza ni

a sin θ = mλ

ambapo m ni 1, 2, 3 na kuendelea kwa upande mmoja, na −1, −2, −3 kwa upande wa pili. Pembe zikiwa ndogo, mistari hii imepangana kwa hatua sawa, na kila hatua ni λL/a, L ikiwa umbali wa ukuta.

Sasa angalia namba iliyorukwa. Kuna −1, kuna 1, lakini 0 haimo. Ukiiweka 0 katika kanuni, θ inakuwa sifuri, yaani katikati kabisa. Je, hapo pana giza? Hapana, kwa sababu hakuna jozi ya kufutana. Viwimbi vyote vinavyoelekea mbele moja kwa moja vimesafiri umbali uleule na kufika vilele kwa vilele, hivyo mwanga unafikia ukali wake wa juu kabisa. Hoja ya jozi ilitaka kila nusu ipishane na mwenzake kwa nusu wimbi, na hapa haipishani kwa chochote.

Ni kama nguzo za umeme zilizosimikwa kwa nafasi sawa kando ya barabara, kisha moja ya katikati ikang'olewa. Nafasi kati ya nguzo yoyote na jirani yake ni ileile, isipokuwa pale ilipotoka ile moja: hapo utakuta nafasi mbili zimeungana. Mkanda wa katikati unaanzia mstari wa −1, milimita 13 upande huu, unaishia mstari wa 1, milimita 13 upande ule. Jumla ni milimita 26. Mkanda unaofuata unaanzia milimita 13 hadi 26, yaani milimita 13 tu. Kwa hiyo mkanda wa katikati haukunyooshwa na kitu chochote. Umekosa tu mstari wa giza ambao ungeukata vipande viwili.

Hoja ya jozi inaeleza pia kwa nini mikanda ya pembeni ni hafifu. Chukua mahali ambapo tofauti ya kingo ni wimbi moja na nusu, na ugawe mwanya katika theluthi tatu. Theluthi mbili zinafutana, moja inabaki bila mwenzake, na mwanga tunaouona ni wa hiyo moja. Hata ndani yake viwimbi havifiki kwa pamoja kabisa, hivyo vinapunguzana. Ukikokotoa kikamilifu, kilele cha mkanda wa kwanza wa pembeni kina ukali wa takribani asilimia 4.7 tu ya ule wa katikati, na cha mkanda unaofuata takribani asilimia 1.6.

Kosa kubwa katika kupima linatokana na ile nguzo iliyong'olewa. Mwanafunzi anayepima kwa makini hachukui hatua moja peke yake. Anapima kutoka mstari wa tatu wa giza wa kushoto hadi wa tatu wa kulia, ambao kwetu ni milimita 78, kisha anagawanya. Anahesabu mistari: sita. Anajua mistari sita ina nafasi tano kati yake, anagawa 78 kwa 5 na kupata 15.6. Akirudi kwenye kanuni, mwanya wake unatoka milimita 0.083 badala ya 0.1. Nafasi ni tano kweli, lakini ya katikati ni hatua mbili, hivyo mgawanyo sahihi ni 78 kwa 6, sawa na 13. Ukiona majibu ya darasa zima yamepungua kwa uwiano uleule, tafuta kosa hili kabla ya kulaumu nyembe.

Kosa la pili ni kuchanganya kanuni hii na ile ya jaribio la mianya miwili la Mwingereza Thomas Young, d sin θ = mλ. Zinafanana kwa sura, ila ile inatoa mahali pa mwanga na hii mahali pa giza. Kule d ni umbali kati ya mianya miwili, hapa a ni upana wa mwanya mmoja. Kule namba 0 ni halali, hapa haipo.

Ukuta nao usiwe karibu mno. Unahitaji umbali mkubwa kuliko a²/λ, ambao kwa mwanya wetu ni kama sentimita 1.5, kwa hiyo mita 2 zinatosha na kubaki. Ukiachanisha nyembe kwa milimita 1, kipimo hicho kinapanda hadi takribani mita 1.5, na katika chumba hichohicho mistari haitatokea safi tena.

Kuna mpaka mmoja zaidi wa hii "mara mbili". Inashika pale pembe zinapokuwa ndogo, kwa sababu hatua zinazolingana ni za sin θ, si za pembe yenyewe. Chukua mawimbi ya maikrowevu yenye urefu wa sentimita 3, uyapitishe kwenye mwanya wa sentimita 6 kati ya mabati mawili, na uzungushe kipokezi chako mbali vya kutosha. Mstari wa kwanza wa giza una sin θ ya nusu, yaani digrii 30. Wa pili una sin θ ya 1, yaani digrii 90, sambamba na mabati yenyewe. Mkanda wa katikati unachukua digrii 60, kutoka −30 hadi 30, na wa pembeni unachukua kutoka 30 hadi 90, ambazo nazo ni 60. Kwenye kipimo cha pembe, mikanda hiyo miwili ina upana sawa.