Je, kushiriki tendo la ndoa kila siku kunafanya mbegu ziwe nyepesi?

*“Tunatafuta mtoto. Mume wangu anasema tukifanya kila siku mbegu zinakuwa nyepesi kama maji, kwa hiyo tuzihifadhi mpaka siku yenyewe ya hatari. Ni kweli? Na tufanye mara ngapi?”*

Wepesi anaouona mumeo upo kweli, ila maana yake siyo anayoifikiria. Kwa mwanamume mwenye mbegu za kawaida, kila siku au siku moja baada ya nyingine ni sawa katika siku zile ambazo mimba inaweza kuingia. Kinachopoteza nafasi mara nyingi zaidi ni huko kuhifadhi.

Tuanze na huo wepesi. Sehemu kubwa ya shahawa ni majimaji yanayotoka kwenye vifuko vya shahawa na tezi dume. Mbegu zenyewe ni sehemu ndogo sana ya ujazo huo, na hazionekani kwa macho. Ndiyo maana huwezi kukadiria idadi yake kwa kutazama uzito au rangi. Shahawa nzito inaweza kuwa na mbegu chache, na nyepesi ikawa na mbegu nyingi.

Hata hivyo, idadi hupungua mtu akirudia kila siku, na hilo halina ubishi. Swali ni kama upungufu huo unadhuru, na hapo inabidi tujue mbegu hukaa wapi kabla ya kutoka.

Korodani hazitengenezi mbegu kwa oda. Zinatengeneza mchana na usiku, makumi ya mamilioni kila siku, na mbegu moja huchukua takribani miezi miwili na nusu tangu ianze kuumbwa mpaka iwe tayari. Ikitoka kwenye korodani huingia kwenye epididimisi, mrija mwembamba uliojikunja nyuma ya korodani. Ukiunyoosha hufika kama mita sita. Humo ndimo mbegu hukomaa na kujifunza kuogelea, na mwisho wa mrija ndipo zinaposubiri kutoka.

Fikiria muuza nyanya anayeletewa mzigo mpya kila asubuhi, auze asiuze. Akiuza kila siku, tenga lake halijai sana, lakini nyanya zake ni mbichi na imara. Asipouza wiki nzima, tenga linafurika na kwa mbali anaonekana tajiri. Ingiza mkono chini, utakutana na zilizolainika, na zilizooza zinaanza kuharibu za jirani. Mzigo umeongezeka, ila nyanya nzuri hazikuongezeka kwa kiasi hichohicho. Mbegu nazo zikisubiri muda mrefu, kemikali zenye oksijeni kali zinazozalishwa mlemle huzishambulia. Mwendo wake hupungua, na nyuzi za DNA zilizobebwa kichwani huanza kukatika.

Watafiti wa Sydney walilijaribu jambo hili kwa wanaume 118 ambao mbegu zao zilikuwa na DNA iliyokatika kupita kiasi, wakatoa matokeo yao mwaka 2009. Waliwaambia watoe shahawa kila siku kwa siku saba. Mbegu zenye DNA iliyokatika zilishuka kutoka wastani wa asilimia 34 hadi 26. Idadi nayo ilishuka, kutoka wastani wa milioni 180 hadi milioni 70. Huo ndio upungufu unaoogopwa. Lakini Shirika la Afya Duniani huweka kiwango cha chini cha kawaida kwenye milioni 39 kwa shahawa za mara moja, kwa hiyo milioni 70 bado ziko salama. Tahadhari moja: wanaume hao walichaguliwa kwa sababu tayari walikuwa na tatizo, na kilichopimwa ni mbegu, siyo watoto waliozaliwa.

Kuhusu mimba yenyewe, kuna utafiti wa Wilcox na wenzake uliochapishwa mwaka 1995, uliofuatilia wanawake 221 wa North Carolina, Marekani, waliokuwa wanatafuta mtoto. Mimba ziliingia ndani ya siku sita tu za mzunguko: siku ambayo yai linatoka na tano zinazoitangulia. Siku inayofuata, hakuna. Sababu ni kwamba mbegu huweza kuishi ndani ya mwanamke hadi siku tano, ilhali yai huishi saa 12 hadi 24 tu. Kwa makadirio yao, waliokutana kila siku katika kipindi hicho walikuwa na nafasi ya asilimia 37 kwa mzunguko, waliokutana siku moja baada ya nyingine asilimia 33, na waliokutana mara moja kwa wiki asilimia 15. Hesabu hiyo inaingiza hata mimba zilizotoka mapema mno, zilizogunduliwa kwa mkojo tu, hivyo usiitafsiri kama idadi ya watoto. Lakini angalia mpangilio wake: tofauti kati ya kila siku na siku moja baada ya nyingine ni ndogo. Pengo kubwa liko kwa wanaokutana mara chache.

Tuseme mume ni dereva wa malori ya masafa, na mzunguko wa mke ni siku 30. Yai hutoka takribani siku 14 kabla ya hedhi inayofuata, yaani karibu na siku ya 16. Mume anafika nyumbani siku ya 10. Wakiamua kuhifadhi mpaka siku ya 16, na mwezi huo yai likawahi siku ya 14 (jambo la kawaida kabisa, hata kwa wenye mzunguko mzuri), wamechelewa na tenga lao limejaa. Wakikutana siku ya 10, 12, 14 na 16, yai hilo la siku ya 14 limekuta mbegu zinalisubiri. Likichelewa hadi siku ya 18, zile za siku ya 14 na 16 bado zinahesabika, na wanaweza kuongeza ya 18. Dalili ya kutazama ni ute wa ukeni: ukiwa unavutika na kuteleza kama ute wa yai bichi, msingoje kesho. Asiyetaka kufuatilia chochote anaweza kukutana na mwenzake kila baada ya siku mbili au tatu mwezi mzima, na mara chache sana atakosa siku hizo.

Kurudia mara kadhaa kwa siku moja ni suala tofauti. Raundi ya pili hubeba mbegu chache kuliko ya kwanza, kwa hiyo haiongezi mengi, ila haiharibu ya kwanza. Kwa mwenye mbegu chache tangu awali ushahidi ni mwembamba zaidi, lakini nao haumwelekezi kwenye kuhifadhi: sampuli za wanaume hao zimeonyesha mwendo mzuri zaidi baada ya siku moja au mbili za kujizuia kuliko baada ya wiki.

Nadhani imani hii inapata nguvu maabara. Anayepimwa shahawa huambiwa ajizuie siku 2 hadi 7, akatoka akiamini hiyo ndiyo dawa. Sharti hilo lipo ili vipimo vya watu mbalimbali vilinganishwe kwa kipimo kimoja. Kipimo chenyewe kinafaa baada ya mwaka mmoja wa kujaribu bila mimba, au miezi sita kama mke ana miaka 35 au zaidi. Majibu yakiwa mabaya na mume aliugua malaria yenye homa kali wiki chache nyuma, amwambie daktari. Homa hushusha mbegu zilizokuwa zikiumbwa wakati huo, na kipimo hurudiwa baada ya kama miezi mitatu.