Kutenganisha nyuzi na rangi: kufuta maandishi kwenye fulana ya pichani

Mara nyingi picha nzuri kuliko zote za marehemu ni ile aliyopigwa akiwa na fulana ya kampeni. Familia huileta studio na ombi moja: maneno ya kifuani yatoke. Ukiyafunika kwa rangi ya fulana tu, kifua kinabaki laini kama plastiki, na kila anayeiangalia anajua hapo palifutwa kitu. Dawa yake ni kutenganisha nyuzi na rangi.

Maana yake ni kuigawa picha katika leya mbili. Ya chini imetiwa ukungu, imebaki na rangi, mwanga na vivuli vya mikunjo. Ya juu ni ya kijivu na imebeba vitu vidogo tu: nyuzi, mishono, kingo za herufi. Zikiwekwa pamoja, picha inarudi ilivyokuwa.

Kwenye programu ya GIMP, nakili leya, itie ukungu kwa `Gaussian Blur`, `Mode` yake iweke `Grain extract`, kisha chagua `New from Visible`. Leya mpya iweke `Grain merge`, na ile yenye ukungu irudishe `Normal`.

Ukungu uwe kiasi gani? Nilipotengeneza picha ya mzee mmoja, fulana ya kijani yenye maneno ya njano, nilianza na 3 na nyuzi zikawa bado zinaonekana. Kwenye 8 zilipotea, lakini mkunjo wa kwapani ukabaki. Hapo ndipo pa kusimama, ingawa namba hubadilika kwa ukubwa wa picha.

Nikaanza na rangi. Ukungu huisambaza njano nje ya herufi, kwa hiyo eneo la kusafisha lazima lizidi herufi zenyewe. Kwa `Clone` na brashi laini nilivuta kijani cha jirani, nikikifuata kivuli cha mkunjo kutoka juu ya neno hadi chini yake.

Kisha nyuzi, kwenye leya ya juu, `Sample merged` ikiwa imezimwa. Fulana hufumwa kwa vitanzi vinavyojipanga mistari ya kushuka kutoka begani hadi kwenye pindo, na mistari hiyo lazima ikutane. Kwa kuwa rangi iko kwenye leya nyingine, hata nyuzi za sehemu yenye kivuli zinafaa. Za mkononi hazifai, kwani huko mistari imelala upande.

Wino mzito huziba nyuzi kabisa, hivyo unachoweka ni nyuzi za jirani, si zile zilizokuwa chini ya maneno. Wino mwembamba huziacha zionekane. Hapo kwenye leya ya juu unagusa kingo za herufi tu.

Mwishoni simama hatua mbili kutoka kwenye skrini uitazame. Ukiona umbo la herufi, kosa liko leya ya juu. Ukiona wingu la unjano lisilo na umbo, liko leya ya chini.