Picha ukifuta haijatoka bado

“Nimefuta picha mia tatu usiku kucha, simu bado inalia imejaa. Si picha ukishaifuta imekwisha?”

Haijesha. Hiyo dhana ni ya zamani, na inawachosha wengi. Picha uliyoifuta huhamia kwenye pipa la taka la simu, na humo inaendelea kula nafasi ile ile. Kwenye iPhone pipa linaitwa “Recently Deleted”, na hukaa humo hadi siku 30. Google Photos huita “Trash”: siku 60 kama picha ilishapelekwa mtandaoni, 30 kama haikupelekwa.

Chukua jioni moja Forodhani, Zanzibar, vijana wanapiga makachu, yaani wanajirusha baharini. Umebana kitufe, simu ikapiga picha 20 mfululizo za mruko mmoja. Tuseme kila moja ni megabaiti 4: jumla 80. Zitazame zote kwa pamoja, kuza uso na maji, bakisha mbili, futa 18. Nafasi iliyorudi? Sifuri. Megabaiti 72 zinarudi ukishafungua pipa na kulimwaga. Skrinshoti nazo ni hivyo hivyo, ingawa nyingi ni nyepesi. Ukiwa na haraka anza na mfululizo.

Mimi hupitia hamsini hamsini, kisha nalichungulia pipa kabla ya kulimwaga, maana risiti ya boti ya Pemba iliwahi kuponea humo. Na jihadhari: ukifuta ndani ya Google Photos, nakala ya mtandaoni nayo huenda. Ukitaka kuondoa ya kwenye simu tu, tumia “Free up space”.