Kushoto ya picha siyo mwanzo wa rezista

Nimechoka kuletewa picha ya rezista na thamani imeshasomwa kinyume. Juzi kijana kanitumia picha kaipiga kwa karibu kabisa, rezista ya bluu, mistari mitano: kahawia, nyekundu, nyeusi, nyeusi, kahawia. Yeye kasema ni omu 120, ametafuta ya 120 akaifunga, imewaka moshi. Nikamuuliza kwa nini umeanza upande huo? Akajibu, "si ndio kushoto fundi."

Hapa ndipo tatizo lilipo. Watu wanaamini mstari wa kwanza ni ule wa kushoto kwenye picha. Rezista haina chanya wala hasi, ukiigeuza inafanya kazi ileile, kwa hiyo aliyeifunga kwenye bodi kaiweka upande wowote na wewe uliyepiga picha umeshika simu upande wowote. Kushoto hakukuambii kitu!

Sasa soma ile ile ukianzia kulia: kahawia, nyeusi, nyeusi, nyekundu, kahawia. Mitatu ya kwanza ni tarakimu, yaani 100, wa nne nyekundu ni wa kuzidishia, mara 100, unapata omu 10,000. Wa tano kahawia ni toleransi, asilimia 1, kwa hiyo rezista nzima inatakiwa isome kati ya 9,900 na 10,100. Ukianzia upande wa yule kijana unapata 120 mara 1, asilimia 1, kati ya 118.8 na 121.2. Zote mbili ni thamani zinazouzwa, ndio maana hakushtuka. Na rezista yenyewe ilikaa kati ya laini ya volti 12 na graundi: kwa omu 10,000 inapitisha umeme kidogo sana, hata joto huhisi, ila kwa omu 120 inabeba wati 1.2 na aliyoifunga ni ya robo wati. Lazima iungue.

Upande wa kuanzia unaujua kwa nafasi. Mstari wa toleransi mara nyingi umeachwa mbali kidogo na wenzake, na wakati mwingine ni mnene zaidi. Kwa hiyo picha ionyeshe rezista nzima, miguu yote miwili, kamera iwe juu yake moja kwa moja, maana ukipiga kwa kuinamisha simu, mwili wa duara unabana mistari ya mbali na ile nafasi huioni tena. Bado huna uhakika? Isome pande zote mbili. Njano, zambarau, nyeusi, nyeusi, kahawia ni omu 470, ila ukiigeuza inakuwa 100 mara milioni 10, omu bilioni 1, kitu ambacho kwenye bodi ya kawaida hukikuti, basi upande huo unautupa. Ikitokea pande zote zinaleta maana kama ile ya kijana na nafasi haionekani, picha imeishia hapo, chukua mita.

Zile za mistari minne zenye dhahabu au fedha mwishoni hazina huu mzozo, dhahabu na fedha sio tarakimu kwa hiyo haziwezi kuanza.

Lingine, "rangi naiona vizuri kwenye picha." Unaona rangi ambayo simu imeamua. Chini ya taa ya njano, nyekundu inaelekea chungwa na kahawia inaelekea nyekundu, na kwenye mwili wa bluu ndio balaa zaidi. Weka karatasi nyeupe chini ya rezista, piga kwa mwanga wa mchana bila flashi, flashi inang'arisha rangi ya juu inakuwa doa jeupe. Na iliyowahi kuchemka usiiamini kabisa, chungwa iliyoungua inafanana na kahawia.

Halafu toleransi. Mtu ana njano, zambarau, nyekundu, dhahabu, yaani omu 4,700 kwa asilimia 5, amepima kapata 4,620 anasema imekufa. Haijafa! Asilimia 5 ya 4,700 ni 235, kwa hiyo chochote kati ya 4,465 na 4,935 ni sawa, ilitoka kiwandani hivyo na itakaa karibu na hapo, toleransi sio kwamba inapanda na kushuka yenyewe.

Ila upime mguu mmoja ukiwa umeinuliwa kutoka kwenye bodi na umeme umezimwa. Ukipima ikiwa imefungwa, vitu vingine vilivyo sambamba nayo vinashusha namba, unaweza kupata 3,000 kwenye rezista nzima kabisa. Mita ikisoma chini ya 4,465 au juu ya 4,935 hata mguu ukiwa umeinuliwa, hapo ndio ibadilishe.