Kwa nini kiitikio kisichobadilika huumiza zaidi kila kikirudi?

"Kwa nini wimbo wa mvuvi aliyepotea ziwani hurudia kiitikio kilekile, na bado mara ya mwisho ndipo watu hulia?"

Kiitikio hakisogei, kinachosogea ni habari iliyo kichwani mwa msikilizaji, na kazi hiyo hufanywa na beti. Chukua mfano huu, uliotungwa kwa mizani 8 kila mshororo, juu ya mvuvi wa dagaa wa Mwanza. Kiitikio, kinachoimbwa baada ya kila ubeti, ni hiki:

*Washeni taa mwaloni,*
*Baba angali njiani.*

Ubeti wa kwanza:

*Mwezi haupo angani,*
*Taa zipo mtumbwini,*
*Chungu kipo mafigani,*
*Mama yupo mlangoni.*

Dagaa huvuliwa usiku wa giza, kwa kuwavuta na mwanga wa karabai au taa za sola. Kwa hiyo hapa hakuna tatizo lolote: mwezi haupo, baba kaenda kazini. Kiitikio kinasikika kama agizo la kila siku.

Ubeti wa pili:

*Wingu lashuka ziwani,*
*Radi yapiga gizani,*
*Taa hazionekani,*
*Mama yupo mlangoni.*

Saa ya dhoruba isikosewe. Usiku pepo za nchi kavu huvuma kutoka pande zote na kukutana juu ya maji yenye joto, ndiyo maana radi za Ziwa Victoria hupiga sana kati ya usiku wa manane na alfajiri. Ukiileta dhoruba yako saa tisa mchana, watu wa mwalo wa Kirumba, Mwanza, watajua hujawahi kulala karibu na mwalo. Sasa neno "angali" limeingiwa na hofu, ingawa hakuna herufi iliyoguswa.

Ubeti wa tatu:

*Kasia li mchangani,*
*Moto haumo jikoni,*
*Mwezi warudi angani,*
*Mama yupo mlangoni.*

Mshororo wa mwezi ndio uzito wote wa wimbo. Mbalamwezi ikitoka, mwanga wa taa hauwavuti tena dagaa, hivyo mitumbwi hupandishwa ufukweni na wavuvi hupumzika. Msikilizaji anapiga hesabu mwenyewe: siku nyingi zimepita, na kila aliyekuwa majini amesharudi.

Kosa linaloharibu nyimbo nyingi za aina hii ni kuweka "Baba amezama" kwenye kiitikio. Siri ikitoka mara ya kwanza, marudio mawili yanayofuata hayana cha kuongeza, na mwimbaji hubaki kupandisha sauti tu. Kulipima ni rahisi: msomee mtu kiitikio peke yake, bila beti. Akikuuliza "Baba kaenda wapi?", kiko sawa. Akikupa pole, kitunge upya.

Kisha kiimbe mara ya tatu kwa sauti ileile ya kwanza, bila kuipandisha. Mwalo mzima umelala, taa zimewekwa ndani, na bado kuna anayesema:

*Washeni taa mwaloni,*
*Baba angali njiani.*