Kushusha Opacity siyo kuweka ukungu, jamani

Juzi tena kijana kanitumia kazi yake ya Photoshop nimwangalizie, kapachika mtu kule mbali kwenye picha ya shamba, nikamuuliza ukungu umeuwekaje, akanijibu "nimeshusha Opacity ya mtu mpaka 55 kaka, halafu nikapiga blari." Nikazumu. Mstari wa barabara unapita katikati ya kifua cha mtu! Kawa kioo cha dirisha.

Nikiri kitu kimoja kwanza, kuna siku hii mbinu inakubali. Kama nyuma ya mtu ni ukungu mtupu, rangi moja bila kitu chochote, kushusha Opacity kunatoa matokeo yaleyale ya kumwekea ukungu mbele, ndo maana mtu ikimkubali mara moja haachi tena. Ila ukishakuwa na mti, barabara au paa nyuma yake, umeumia. Ukungu unakaa kati ya kamera na mtu. Unamfunika, haumtoboi.

Nina kazi moja nitaitolea mfano. Picha ya shamba la chai Mufindi, asubuhi, ukungu, na mteja anataka mchumaji asimame kwenye kona ya barabara kule mwisho, karibu na mikaratusi. Mchumaji mwenyewe kapigwa saa saba mchana, mita tano toka kamera, jua la utosi. (Vile vivuli vikali vya usoni nilivilainisha kwanza, maana kwenye ukungu mwanga unatoka kila upande, hilo silielezi leo.)

Sasa hapa ndo watu wanapokosea. Rangi ya ukungu huitoi kichwani ukasema mbali ni bluu basi namwaga bluu. Siku ya vumbi mbali ni kahawia, na ukielekea jua asubuhi hewa inakuwa ya manjano. Unapima. Nilifungua Info nikaweka mshale kwenye kivuli cheusi cha majani ya chai karibu na kamera, nikapata nyekundu 13, kijani 14, bluu 13. Nikaenda kwenye kivuli cha shina la mkaratusi lililo umbali uleule atakaosimama mtu wangu, 96, 106, 118. Halafu pale ambapo ukungu umemeza kila kitu, 205, 212, 220. Chukua kijani, 106 toa 14, gawa kwa 212 toa 14, unaona lile shina limefunikwa na ukungu kama asilimia 46 hivi. Basi nikaweka leya ya Solid Color ya hiyo 205, 212, 220 juu ya mchumaji, nikaibana imshike yeye tu, Opacity YA HIYO LEYA 46. Mtu mwenyewe anabaki 100.

Umeona nyeusi yake ilivyopanda? Sasa angalia nyeupe. Shati lilikuwa 240, limeshuka karibu 227. Wengi wanainua nyeusi kwa Curves wanaacha nyeupe inawaka, mtu anabaki kama kabeba taa kifuani. Vyote viwili vinavutwa kuelekea rangi ya ukungu. Halafu ukipima nyeusi yake sasa unapata kama 101, 105, 108, wakati shina ni 96, 106, 118, kwa hiyo kwenye Curves nikainua bluu ya chini kama 10 na nyekundu nikaishusha kidogo. Nyeupe sikuigusa.

Kosa lingine ni kupima milima iliyo nyuma kabisa badala ya kitu kilicho umbali wa mtu. Unapata mzimu.

Blari sasa. Mtu akishapunguzwa mpaka pikseli 64 za urefu anakuwa mkali kuliko picha yenyewe, hasa ukimpunguza kwa Bicubic Sharper. Zumu 400 uhesabu: ukingo wa lile shina unachukua pikseli ngapi toka giza kwenda mwanga? Kwangu tatu. Mchumaji alikuwa na moja. Gaussian Blur 0.8 ikatosha, na niliipiga kwa mtu pamoja na maski yake, maana ukilainisha ndani ukaacha ukingo mkali atabaki kama stika. Chenga za Add Noise zinakuja mwisho kabisa, ukiziweka kabla ya blari unazifuta mwenyewe.

Kitu ambacho sina uhakika nacho mpaka leo ni ile nyeusi ya kuanzia. Nadhania tu kwamba kivuli cha shina kingekuwa cheusi sawa na kivuli cha majani ya mbele, na gome la mkaratusi jamani ni jeupe jeupe. Inawezekana ukungu wangu ulikuwa mzito kwa asilimia tano hivi. Na miguuni ukungu ulikuwa umetuama zaidi, pale sikupima chochote, nilipaka kwa brashi laini mpaka jicho likaridhika.

Mteja kaipokea, kaipenda, halafu kaniandikia: "Huyu mama wa nyuma haonekani vizuri, mng'arishe."